Jumatatu niliyouza kwenye mistari ya Jumapili

Ninaishi Busia, upande wa Uganda, na asubuhi zangu zote ni za ghala la mahindi na maharagwe. Biashara ya fahirisi za Marekani, yaani vipimo vya pamoja vya bei za hisa za kule, ninaifanya jioni, kwa sababu ya saa tu: soko la hisa la New York linafungua saa 10:30 jioni kwa saa za kwetu katika miezi ambayo Wamarekani wamesogeza saa mbele, na saa 11:30 jioni katika miezi mingine. Wakati huo ghala limeshafungwa, hesabu za siku zimeshaandikwa, na ninaweza kukaa mbele ya kompyuta kwa saa mbili au tatu bila kuitwa. Nilianza na dola 400, fedha ambazo ni zangu wala si za mtaji wa ghala, na ninafanya biashara ya fahirisi moja tu, S&P 500, ambayo kwenye programu ya dalali wangu inaandikwa US500.

Ninaandika haya kwa sababu ya kosa moja ambalo lilinila fedha kwa miezi kadhaa kabla sijalitambua. Halikuwa kosa la kusoma soko. Lilikuwa kosa la kutojua neno «jana» lina maana gani ndani ya programu ya chati, na nina hakika wapo wengine wanaochora mistari ya pivoti kila asubuhi bila kuuliza swali hilo.

Pivoti za siku ni hesabu nyepesi. Unachukua bei tatu za siku iliyopita, yaani bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa na bei ya kufungia, unazijumlisha na kugawa kwa tatu. Jibu ndilo pivoti. Kutokana na pivoti hiyo na upana wa safari ya jana, unapata mistari ya juu inayoitwa rezistansi, ambako bei inayopanda inatarajiwa kukwama, na mistari ya chini inayoitwa sapoti, ambako bei inayoshuka inatarajiwa kushikiliwa. Wafanyabiashara wa sakafuni kule Chicago, enzi za kununua na kuuza kwa kupaza sauti na ishara za mikono, waliipenda kwa sababu mtu aliweza kuifanya kwa kalamu kabla ya kengele na kuingia na namba tano kwenye kikaratasi. Nami nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu hivi, H ikiwa bei ya juu, L bei ya chini, C bei ya kufungia, P pivoti, R rezistansi na S sapoti:

```
P  = (H + L + C) / 3
R1 = 2*P - L
S1 = 2*P - H
R2 = P + (H - L)
S2 = P - (H - L)
```

Wakati ule, hata hivyo, sikuwa nikiandika chochote. Nilikuwa nimeweka kwenye chati kiashiria cha bure kinachochora mistari yenyewe, na nilikiamini kama mtu anavyoamini mizani aliyoikuta dukani. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa mambo yalikuwa ya kawaida: siku nyingine bei iligusa R1 ikarudi, siku nyingine ikapita moja kwa moja. Jumatatu ndiyo iliyokuwa na tabia yake. Kila Jumatatu mistari ilikuwa imebanana karibu karibu, na bei iliivuka yote kama haipo. Mimi nilijieleza kwamba Jumatatu soko halina utulivu, nikaendelea.

Jumatatu iliyonifumbua macho nimeiandika yote. Mistari kwenye chati ilikuwa hivi: S2 kwenye 5,216, S1 kwenye 5,221, pivoti kwenye 5,225, R1 kwenye 5,230 na R2 kwenye 5,234. Soko la New York lilifungua 5,227. Dakika kama ishirini baadaye bei ikafika 5,230, nikauza, yaani niliweka fedha kwamba bei itashuka, kila pointi ikiwa na thamani ya dola mbili. Bei ikapanda hadi 5,234, na kwa kuwa nilikuwa na imani kwamba sasa imefika mstari wa pili, nikauza tena kiasi kile kile. Kikomo cha hasara nilikuwa nimekiweka 5,238. Bei ilipokaribia 5,237 nilikiondoa. Nilijiambia kwamba soko limeshavuka mistari miwili, kwa hiyo limechoka na litarudi tu. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa na jasho kwenye kipanya, na mke wangu aliniita mara mbili kwa chakula bila mimi kuitika.

Nilifunga mauzo yote mawili kwenye 5,250, baada ya kuona siwezi kuvumilia zaidi. La kwanza lilipoteza pointi 20, la pili pointi 16, jumla pointi 36, yaani dola 72. Kwa shilingi za Uganda ni zaidi ya laki mbili na nusu, na kwa akaunti ya dola 400 ni karibu sehemu moja ya tano iliyoondoka katika jioni moja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bei ilifika 5,251, ikasimama hapo, kisha ikaanza kushuka taratibu hadi usiku.

Shemeji yangu ni mhasibu, anaishi Jinja, na wiki ile alikuja Busia kwa shughuli ya familia. Hana habari na masoko ya fahirisi, lakini namba ni kazi yake. Nilimwonyesha hesabu yangu, akaniuliza mistari inatoka wapi, nikamweleza kanuni. Alichukua kalamu akakaa kimya kwa muda.

«Shemeji,» akasema, «ukitoa S1 kwenye R1, P inajifuta. Kinachobaki ni H kutoa L. Yaani umbali kati ya mistari hii miwili lazima uwe sawa na upana wa siku ya jana.»

Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Ni kweli kwa kila siku na kwa kila soko: R1 ukiondoa S1 ni upana wa siku iliyotumika katika hesabu, pasipo kuzidi wala kupungua.

«Hapa umbali ni pointi 9,» akaendelea. «Soko lako Ijumaa lilitembea pointi 9 tu?»

Ijumaa lilikuwa limetembea pointi 72. Hapo ndipo nilipofungua chati ya siku na kuhesabu mishumaa ya wiki moja, zile alama ambazo kila moja inaonyesha bei za siku moja. Soko la hisa lina siku tano kwa wiki, lakini chati yangu ilikuwa na mishumaa sita. Wa sita ulikuwa mdogo sana, kama kijiti, na tarehe yake ilikuwa ya Jumapili.

Maelezo yake ni haya. Bei ya US500 inafuata mikataba ya baadaye ya fahirisi hiyo, yaani makubaliano ya kununua na kuuza tarehe ijayo kwa bei iliyokubaliwa leo, na mikataba hiyo inaanza kuuzwa Jumapili saa 12 jioni kwa saa za New York. Kwetu Busia, katika miezi ya saa zilizosogezwa, huo ni usiku wa kuamkia Jumatatu, saa 7. Seva ya dalali niliyekuwa naye ilifuata saa za Greenwich, ambako wakati huo ni Jumapili saa 4 usiku. Siku ya seva inaisha saa 6 usiku, kwa hiyo saa mbili za kwanza za wiki zikawa «siku» kamili yenye jina la Jumapili. Kiashiria hakijui Ijumaa wala Jumapili. Kinachojua ni mshumaa uliotangulia. Ndani yake kuna mistari ya aina hii, na ile namba 1 mwishoni ina maana ya mshumaa mmoja nyuma, uwe wa siku yoyote:

```
double H = iHigh(_Symbol, PERIOD_D1, 1);
double L = iLow(_Symbol, PERIOD_D1, 1);
double C = iClose(_Symbol, PERIOD_D1, 1);
```

Kijiti cha Jumapili kilikuwa na bei ya juu 5,229, ya chini 5,220 na ya kufungia 5,226. Jumla 15,675, gawa kwa tatu, pivoti 5,225. Ndiyo mistari yote mitano niliyokuwa nikiifanyia biashara: safari ya saa mbili za usiku, wakati New York na London zimelala, ikapewa kazi ya kupima siku nzima ya Jumatatu.

Shemeji alinitaka tufanye hesabu ya Ijumaa yenyewe. Bei ya juu ilikuwa 5,240, ya chini 5,168, ya kufungia 5,222. Jumla ni 15,630 na pivoti ni 5,210. Mara mbili ya pivoti ni 10,420. Ukitoa 5,168 unapata R1 ya 5,252, na ukitoa 5,240 unapata S1 ya 5,180. Tofauti yao ni 72, sawasawa na upana wa Ijumaa. R2 ilikuwa 5,282 na S2 5,138. Nilitazama namba ile ya 5,252 kwa muda mrefu. Bei ilikuwa imefika 5,251 ndipo ikageuka, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye 5,250.

Nisieleweke vibaya hapa. Siku moja ambayo soko limegeuka pointi moja chini ya mstari haithibitishi kwamba mstari ulilizuia. Ninazo Jumatatu nyingine kwenye daftari ambazo R1 sahihi ilivukwa bila hata kusita. Kilichothibitika jioni ile ni kitu kidogo na cha uhakika zaidi: kwa mistari sahihi nisingekuwa na sababu yoyote ya kuuza kwenye 5,230. Soko lilifungua 5,227, juu ya pivoti ya 5,210, na mahali nilipouza palikuwa katikati ya njia, pointi 20 juu ya pivoti na pointi 22 chini ya R1. Hapakuwa na mstari pale.

Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu za akaunti, Jumatatu moja baada ya nyingine, na hadithi ilikuwa ile ile. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba fedha zile hazikupotea kwa sababu soko ni gumu. Nililaumu pia kiashiria, lakini hakikuwa na kosa. Kilifanya alichoandika aliyekiandika. Sikukikagua, basi.

Tangu hapo nimebadilisha mambo mawili. Nilihamia kwa dalali ambaye siku ya seva yake inaisha saa 11 jioni ya New York, yaani katika saa ile ambayo mikataba ya fahirisi inapumzika kila siku. Kwa dalali wa namna hiyo wiki ina mishumaa mitano, na ile safari ya Jumapili usiku inakuwa sehemu ya Jumatatu. Anayetaka kumjua dalali wake anaweza kutazama saa inayoonyeshwa juu ya dirisha la Market Watch kwenye programu ya MetaTrader na kuilinganisha na saa ya ukutani. Katika miezi ya saa zilizosogezwa, seva ya aina hii inalingana kabisa na saa za Uganda. Katika miezi mingine inakuwa nyuma yetu kwa saa moja. Ukikuta iko nyuma kwa saa tatu wakati wote, uko kwenye saa za Greenwich, na Jumapili yako ina mshumaa. Jambo hilo haliharibu Jumatatu peke yake. Hata Jumatano, bei ya kufungia ya Jumanne inachukuliwa saa 9 usiku wa Uganda, saa kadhaa baada ya kengele ya mwisho ya New York, kwa hiyo C yako ni bei ambayo hakuna aliyeiita ya kufungia.

La pili, ninapiga hesabu kwa mkono kila asubuhi kabla ya kufungua ghala. Hazifiki dakika tano. Chini ya mistari ninaandika R1 kutoa S1, na pembeni yake upana wa jana niliousoma mwenyewe kwenye chati. Namba hizo mbili zisipolingana, sifanyi biashara jioni hiyo mpaka nijue kwa nini.

Baada ya kurekebisha hilo nilikutana na swali ambalo ni gumu zaidi, na ambalo sina jibu la kumlazimisha mtu. Hata bila mshumaa wa Jumapili, jana ina sura mbili. Ipo jana ya saa 23, inayoanza jioni ya New York na kupitia Asia na London. Na ipo jana ya soko la hisa lenyewe, kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 10 jioni ya New York. Ijumaa ile ile, bei ya chini ya 5,168 ilipatikana wakati wa asubuhi ya London, kabla New York haijafungua. Ndani ya saa za soko la hisa bei haikushuka chini ya 5,190. Ukitumia 5,190 na kuacha namba nyingine zilivyo, pivoti inakuwa 5,217.3, R1 inakuwa 5,244.7 na S1 5,194.7, umbali wa pointi 50. R1 moja ni 5,252 na nyingine 5,244.7, na mtu aliyeweka kikomo cha hasara cha pointi tano juu ya mstari wa chini angetolewa kabla bei haijafika mstari wa juu.

Mimi nilichagua jana ya saa 23, kwa sababu ndiyo ninayoipata kwenye mshumaa mmoja bila kukata vipande, na kwa sababu sitaki kuwa na nafasi ya kuchagua mstari unaonipendeza baada ya kuona bei imegeukia wapi. Wapo wanaochagua saa za soko la hisa, na hoja yao ni nzito: hizo ndizo saa ambazo hisa zenyewe zinabadilishana mikono kwa wingi. Lenye madhara ni kuwa na seti zote mbili kwenye chati moja. Nilijaribu kwa wiki mbili, na kila mahali bei ilipogeukia palikuwa na mstari karibu, kwa hiyo sikujifunza lolote. Jambo jingine ni kutochanganya vyanzo. Bei ya mkataba wa baadaye, bei ya fahirisi yenyewe na bei ya dalali hazilingani pointi kwa pointi, kwa hiyo H, L na C zichukuliwe kwenye chati ile ile unayofanyia biashara.

Kabla hajarudi Jinja shemeji aliniuliza kama hesabu hii ingemfaa yeye, ambaye ana hisa kidogo za MTN Uganda kwenye soko la Kampala. Tulikaa tukaijaribu kwenye karatasi. Chukua siku ambayo hisa imeuzwa kwa bei moja tu kuanzia asubuhi hadi jioni, jambo ambalo kwenye soko letu dogo si geni: H, L na C ni namba moja, pivoti ni namba hiyo hiyo, na R1, S1, R2 na S2 zote zinaangukia hapo hapo. Kanuni inakula upana wa jana. Pasipo upana haina cha kusema. Nilipenda mfano huo kwa sababu unaonyesha kitu ambacho mistari ya rangi kwenye skrini inakificha. Pivoti haijui kesho. Inachukua urefu wa jana na kuupanga upya kuzunguka wastani wa jana.

Kutokana na hapo unaweza kujua mapema siku ambazo itakufaa kidogo. Baada ya siku ya sikukuu ya Marekani ambapo soko limefungwa mapema, kwa mfano Ijumaa inayofuata siku yao ya Shukrani ambapo New York inafunga saa 7 mchana, upana huwa mdogo na mistari ya siku inayofuata inabanana kama ile ya Jumapili, ingawa safari hii data ni sahihi. Baada ya siku ya msukosuko mistari inakwenda mbali sana, na bei inaweza kuzunguka pivoti jioni nzima bila kugusa chochote. Na siku ya tangazo la benki kuu ya Marekani, linalotoka saa 8 mchana kwa saa zao, saa 3 usiku kwetu katika miezi ya saa zilizosogezwa, sina biashara yoyote iliyo wazi dakika hiyo, hata kama bei imekaa juu ya mstari kwa adabu. Nimeona ikivuka mistari miwili ndani ya mshumaa wa dakika moja.

Ninavyoitumia sasa ni kwa unyenyekevu zaidi. Bei ikifika kwenye mstari siuzi wala sinunui. Nasubiri mshumaa wa dakika 15 ufunge. Ukifunga ng'ambo ya mstari, ninaachana nao. Ukigusa na kufunga ulipotokea, ninaingia kwa dola moja kwa pointi badala ya mbili, kikomo cha hasara kikiwa ng'ambo ya ncha ya mshumaa ule, na kikomo hicho sikigusi tena. Kuuza mara ya pili juu ya biashara ya kwanza inayopoteza sifanyi. Dola 72 zile zilirudi polepole, ilichukua miezi minne, na kuna wiki ambazo sikufungua biashara hata moja.

Lililobaki ni saa. Wamarekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, nasi Uganda hatusogezi kabisa. Kwenye jalada la ndani la daftari nimeandika tarehe hizo mbili kwa wino mwekundu, na Jumatatu inayofuata kila moja ninaamka mapema kidogo, ninafungua chati ya siku, na kuhesabu mishumaa ya wiki iliyopita kabla ya kuandika H.